Kukadiria maboksi ya kuhama: nyumba ya vyumba viwili, sebule na jiko

Karibuni. Leo tunahesabu maboksi ya kuhamia kabla ya kununua hata moja. Nyumba tunayoitumia ni ya kupanga hapa Dar es Salaam, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, choo na stoo ndogo. Wanaishi watu wanne, wawili kati yao watoto wa shule. Shika daftari, kalamu na tepu ya kupimia.

Kwanza toa kwenye hesabu vitu visivyoingia kwenye boksi. Kitanda, godoro, friji, makochi, meza, feni ya kusimama, ndoo na mtungi wa gesi havihesabiwi leo. Usiandike "sebule, maboksi 6" kwa kuangalia tu chumba kilivyojaa. Macho hudanganywa na kochi kubwa, ilhali kabati dogo la vyombo ndilo linalomeza maboksi.

Sasa tazama maboksi haya matatu mezani. Dogo lina sentimita 40 kwa 30 kwa 30. La kati ni 45 kwa 45 kwa 40. Kubwa ni 60 kwa 45 kwa 45. Zidisha vipimo vitatu kisha gawa kwa 1000, utapata lita: dogo lita 36, la kati lita 81, kubwa lita 121 na nusu. Maboksi ya dukani hayatafanana na haya sawasawa, na si lazima. Ukiokota boksi la sabuni au la biskuti, lipime, uone linaangukia karibu na lipi kati ya haya matatu.

Ukubwa wa boksi huchaguliwa kwa uzito wa vitakavyoingia. Boksi likishapita kilo 20 kwa mbali, mbebaji mmoja hulishusha kwa kulitupa, na hapo ndipo kitako hufunguka. Chukulia vitabu. Lita moja ya vitabu vilivyobanana ina zaidi ya nusu kilo ya karatasi. Boksi dogo likijaa vitabu linafika kilo 20 na kidogo. Kubwa likijaa vitabu linapita kilo 70, halinyanyuki. Kwa hiyo kizito kiende kwenye dogo, chepesi kwenye kubwa. Mashuka, mito na mapazia ndiyo mali ya boksi kubwa.

Tuanze na jiko, na hapa tutakaa kidogo, maana jiko ndilo linaloharibu makadirio ya watu wengi. Sahani 24 zilizopangwa kabatini ni rundo la kushikwa kwa mikono miwili. Zikishafungwa gazeti moja moja, kila moja inanenepa hadi sentimita 3 hivi. Tazama tunavyozipanga: zinasimama kwa ukingo kama vitabu kwenye rafu, hazilazwi. Sahani ya chini kwenye rundo lililolazwa hubeba uzito wa zote, gari likiruka tuta inapasuka hiyo. Zikisimama, boksi dogo lenye urefu wa sentimita 40 linachukua sahani 12, na nafasi iliyobaki mwishoni tunaishindilia karatasi iliyofinyangwa. Sahani 24, basi, ni maboksi madogo 2.

Glasi fupi za sentimita 10 zikifungwa zinachukua kama sentimita 10 upana na 12 kimo. Chini ya boksi dogo zinakaa 12, nne kwa tatu. Juu yake weka trei tupu ya mayai, kisha panga 12 nyingine. Trei inazuia glasi ya juu isiigonge ya chini, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na plastiki ya mapovu. Glasi 24, boksi dogo 1. Vikombe 12 na mabakuli 12, boksi dogo 1 lingine, mabakuli chini. Vijiko, visu, miiko na vikopo vya viungo vinajaza dogo la tano.

Masufuria hayahitaji kufungwa moja moja. Yaingize moja ndani ya lingine, katikati weka kitambaa, mifuniko isimame pembeni. Kwa familia hii ni maboksi ya kati 2. Hotpoti na vyombo vya plastiki ni ya kati 2, kwa sababu plastiki hula nafasi ingawa haina uzito. Blenda, pasi na birika la umeme, la kati 1. Unga, mchele na mafuta ya kula usivihesabie boksi, anza kuvimaliza wiki mbili kabla. Chupa ya mafuta iliyofunguliwa ikivuja inalainisha kitako cha boksi lake na la chini yake.

Andika: jiko, madogo 5, ya kati 5. Hilo ni jiko dogo kabisa, na tayari ni maboksi 10.

Sebuleni pima rafu ya vitabu kwa tepu. Mita moja ya vitabu vya kawaida inaingia kwenye boksi dogo 1. Mafaili makubwa ya ofisini ni mapana zaidi, hayo mita moja ni madogo 2. Hapa kuna mita 1 na nusu ya vitabu, kwa hiyo tunaandika madogo 2, na nusu iliyobaki tutaijaza vitambaa vya makochi. Redio, king'amuzi na nyaya, dogo 1. Picha za ukutani na mapambo, la kati 1. Mapazia na mito, kubwa 1. Televisheni irudi kwenye boksi lake kama lipo; kama halipo, blanketi mbili na isafiri imesimama, isilazwe kwa kioo.

Chumba cha wazazi kina kabati. Bomba la henga lililobanwa mashati na magauni mepesi, mita 1 yake ikikunjwa inajaza boksi la kati 1. Makoti na suti vinataka zaidi. Hapa tuna mita 1 na nusu, yaani boksi 1 na nusu. Nguo zilizokunjwa tunapima rundo moja: sentimita 30 kwa 25, kimo 40. Hiyo ni lita 30. Marundo yako 6, jumla lita 180. Gawa kwa 81, unapata 2 na kidogo. Ukijumlisha na ile 1 na nusu, unakaribia 4. Andika ya kati 4. Ongeza la kati 1 la viatu, kubwa 1 la mashuka, blanketi na vyandarua, na dogo 1 la vitu vya mezani. Nyaraka, yaani vyeti, mkataba wa pango, kadi za hospitali, zisiingie kwenye hesabu kabisa. Hizo ziende na begi la mkononi.

Ukitaka kupunguza gharama, punguza hapa. Nguo haziogopi kubanwa, hivyo mfuko wa shangazi kaja au kiroba safi kinafanya kazi ya boksi la kati bila shida. Ila mifuko haipangiki moja juu ya nyingine kama maboksi, hukaa juu kabisa ya mzigo. Ukiwa na mifuko zaidi ya mitano au sita, gari litaonekana limejaa kabla halijajaa.

Chumba cha watoto: madogo 2 ya vitabu na madaftari, ya kati 3 ya nguo na viatu, kubwa 1 la midoli na mito. Choo na stoo: dogo 1 la sabuni na dawa, ya kati 2 ya mengineyo.

Jumlisha. Madogo 12, ya kati 16, makubwa 3. Ni 31. Ongeza moja ya kumi, kwa sababu lazima kutakuwa na droo uliyoisahau: dogo 1 na ya kati 2. Orodha ya kununua inakuwa madogo 13, ya kati 18, makubwa 3. Jumla 34.

Vifaa vya kufungia vinatoka kwenye namba hizo hizo. Boksi la kati jipya linataka selotepu ya kahawia kama mita 2 na nusu: mistari miwili kitakoni na miwili juu, kila mmoja ukishuka sentimita 10 ubavuni. Boksi lililokwishatumika lipe mita 3 na nusu, maana karatasi yake imechoka. Maboksi 34 mara 3 na nusu ni mita 119. Roli ya mita 50 zinatosha 3. Ila soma lebo, roli nyingine ni nene kwa sababu tu gurudumu la ndani ni kubwa.

Magazeti ya zamani yananunuliwa kwa kilo. Vyombo vyetu vya kuvunjika ni 72: sahani 24, glasi 24, vikombe 12, mabakuli 12. Kila kimoja karatasi mbili zilizofunguka, ni 144. Maboksi manne ya vyombo hivyo yanataka karatasi 15 kila moja za kufinyanga chini na juu, ni 60. Kilo moja ya gazeti kubwa hutoa karatasi 50 hadi 60 hivi, kwa hiyo jiko peke yake linakula karibu kilo 4. Nunua 5, zinazobaki ni za picha na mapambo. Wino wa gazeti hushika kwenye vyombo vyeupe, uondoe kwa kuosha.

Ukichagua maboksi ya mtumba, fanya vipimo viwili. Bonyeza kona kwa kidole gumba: ikibonyea na isirudi, liache. Kisha tazama ukingo wa karatasi. Ukiona safu mbili za mawimbi, hilo ni boksi la kuta mbili, liwekee vitabu na sahani. Msimu wa masika usiyahifadhi juu ya sakafu ya saruji. Yananyonya unyevu na kulegea kitako, hata kama mvua haikuyagusa. Yaweke juu ya mbao.

Sasa gari. Madogo 13, ya kati 18 na makubwa 3 ni takriban lita 2,300, yaani mita za ujazo 2.3. Bodi ya Kirikuu ina urefu unaokaribia mita 2 na upana wa karibu mita 1.4. Ukipanga hadi kimo cha mita 1.2, unapata kama mita za ujazo 3.3, na mapengo kati ya maboksi yanakula sehemu yake. Kwa maneno mengine, maboksi peke yake ni safari moja ya Kirikuu. Kitanda, makochi na friji ni safari nyingine, au uite Kenta ubebe vyote mara moja.

Kabla ya kununua yote 34, nunua 10 ya jiko kwanza, ufunge kabati la vyombo lote. Kama ulipanga madogo 5 yakaisha 6, vifungio vyako ni vinene kuliko tulivyokadiria. Ongeza dogo 1 kwa kila 5 ulizoandika kwenye vyumba vingine vyenye vitu vya kuvunjika. Ya nguo yaache kama yalivyo.