Kesho Coco Beach: njoo saa 1:00, na uje na viatu vya kufunika vidole

ZAI: Habari za jioni. Leo kipindi ni kifupi na ni cha wale mliojiandikisha kusafisha ufukwe kesho Jumamosi pale Coco Beach. Mimi ni Zai, niko na kaka Mudi, mvuvi wa zamani, yeye ndiye aliyetupangia saa. Shikamoo kaka.

MUDI: Marahaba, dada. Habari zenu nyote mnaosikiliza.

ZAI: Tuanze na saa, maana tangu mchana napokea ujumbe mmoja tu: "Tunaweza kuja saa tatu?"

MUDI: Hapana. Saa 1:00 asubuhi mtu awe ameshafika, ameandika jina, amevaa glovu. Sababu ni maji. Leo mwezi ni mpevu, kwa hiyo tuko kwenye bamvua. Kwa pwani yetu ya Dar, siku za bamvua maji hujaa sana alfajiri kwenye saa 10, halafu hupwa kabisa kwenye saa 4 na dakika zake asubuhi. Kesho tunategemea yajae saa 10:10 alfajiri na yapwe saa 4:20 asubuhi. Hapo ndipo mwamba wote utakuwa nje.

ZAI: Mtu atasema, basi nije saa 4 kamili nikute mwamba uko wazi.

MUDI: Akija saa 4 atapata dakika ishirini. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja, dada. Tuseme kutoka kujaa hadi kupwa ni mita 3. Saa ya kwanza yanashuka kama sentimita 25 tu, wala huoni. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, karibu sentimita 75 kila saa. Halafu mwishoni yanapunguza tena. Ukihesabu kutoka saa 10:10, saa ya tatu na ya nne ni kuanzia saa 12 na dakika 10 mpaka saa 2 na dakika 10. Ukifika saa 1:00 unayakuta yako mbioni kuondoka, na kila dakika kumi unapata mchanga mpya wa kufanyia kazi. Tunayafuata nyuma taratibu.

ZAI: Na tunaanzia wapi? Wengi watashuka moja kwa moja hadi ukingoni mwa maji.

MUDI: Wasishuke. Tunaanza juu, kwenye ule mstari ambao maji ya alfajiri yatakuwa yameuacha. Utauona: mwani, vijiti, vizibo vya chupa, vipande vya thamani vya plastiki...

ZAI: Vya thamani?

MUDI: Samahani, vya themopoli. Ile nyeupe inayovunjikavunjika. Hiyo ndiyo ya kwanza kuokotwa, kabla upepo haujaamka, maana upepo wa mchana ukianza inaruka mpaka barabarani. Kwa hiyo kuanzia saa 1:15 mpaka saa 3:00 ni mstari wa juu. Saa 3:00 mpaka saa 4:20 ni mwamba na vidimbwi vyake, wale tu wenye viatu imara. Saa 4:40 nataka kila mtu awe ametoka mwambani.

ZAI: Hata kama bado kuna taka?

MUDI: Hata kama. Maji yakigeuka hayaji mbele yako kama unavyodhani. Yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na mchanga. Umeinama unakata kipande cha nyavu, ukiinua kichwa njia ya kurudi iko magotini. Atakayepuliza filimbi ni mimi, na ikilia unatoka.

ZAI: Kuna aliyeuliza, kwa nini tusisogeze hadi Jumamosi ijayo, yeye kesho ana shughuli.

MUDI: Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi maji yatakuwa yamejaa. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, na baada ya wiki moja kujaa kunakaa pale palipokuwa kupwa. Tena yatakuwa maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali. Mwamba tunaoufikia kesho hatutaufikia wiki ijayo.

ZAI: Nimeelewa. Sasa vifaa. Mimi nitaanza na miguu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Ndala hapana. Yeboyebo hapana, ina matundu na chupa iliyovunjika inapita. Leta raba za zamani zenye soli ngumu, zinazofunika vidole na kufungwa kamba, ambazo hutajali zikilowa. Kuna vioo, kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye matundu ya mwamba, na kuna yule samaki anayefanana na jiwe.

MUDI: Huyo tuwaeleweshe watu vizuri. Ana miiba yenye sumu mgongoni, anakaa kimya kwenye kidimbwi, na hakimbii ukimkaribia. Ukimkanyaga maumivu yake si ya kusimulia. Dawa ya kwanza ni maji ya moto, unatumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa na zaidi, huku mnaelekea hospitali. Joto ndilo linalopunguza makali ya sumu.

ZAI: Ndiyo maana kila kundi la watu kumi kesho litakuwa na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto na beseni. Kabla hujamtumbukiza mwenzako, jaribu joto kwa mkono wako mwenyewe, maana mguu uliochomwa hauhisi vizuri. Viongozi wa makundi, chupa hizo mnajaza nyumbani asubuhi, si leo usiku.

MUDI: Na mikono?

ZAI: Glovu nene za mpira, zile za kufulia, au za kazi za mafundi. Zile nyembamba za hospitali zinachanika kwenye kioo cha kwanza. Tunazo chache za akiba kwa watakaosahau, na ni kubwa, mwenye mikono midogo zitamvuka. Hata ukiwa na glovu nene, sindano usiiguse. Ukiiona, simama hapo hapo, inua mkono, uite kiongozi wa kundi. Yeye ana koleo na dumu gumu lenye mfuniko. Sindano haiingii kwenye salfeti kwa sababu itamchoma anayebeba, na jioni itamchoma anayepakua.

MUDI: Salfeti sasa. Hapo nina neno.

ZAI: Sema kaka.

MUDI: Kila mtu alete salfeti mbili za kilo 50, zile za unga au mchele. Maji yanapita, mchanga unachuja, na tunaziosha tukazitumia tena. Ila leo jioni, kabla hujalala, ishike pembeni uisugue kwa vidole. Ikitoa unga au nyuzi fupi fupi, imeshaliwa na jua, iache nyumbani. Hiyo ukiikokota juu ya mwamba inamwaga plastiki nyingi kuliko unayookota, na vile vipande vidogo hakuna wa kuviokota tena.

ZAI: Na usiijaze.

MUDI: Nusu tu. Vitu vyetu vya pwani vinakuja na maji na mchanga. Salfeti iliyojaa mtu mmoja hainyanyui, anaiburuta, inapasuka katikati ya safari. Nusu, funga, peleka juu, rudi. Halafu kila moja inapimwa kwenye mzani wa kuning'iniza kabla ya kwenda kwenye lundo.

ZAI: Tutakuwa na malundo matatu. Chupa za plastiki peke yake, hizo zina wanunuzi. Nyavu na kamba peke yake. La tatu ni mchanganyiko: pampasi, nguo, viatu, vifungashio. Tafadhali pampasi isiingie kwenye chupa, kwa sababu mnunuzi akiikuta anakataa lundo zima.

MUDI: Na malundo yanakaa wapi, waambie.

ZAI: Waambie wewe.

MUDI: Juu ya mstari wa mwani mkavu, tena kando ya barabara kabisa. Mchana ufukwe unaonekana mpana, mtu anaona hapa ni mbali na maji, anaweka salfeti zake, anakwenda kunywa madafu. Lakini saa 10 na nusu alasiri maji yanajaa tena, bamvua ile ile ya alfajiri. Nimeshaona ufukwe mmoja watu wamefanya kazi asubuhi nzima, gari likachelewa, na jioni bahari ikazichukua salfeti zote zimefungwa vizuri. Kesho gari la taka linatarajiwa saa 5:00. Lisipokuja, salfeti hazibaki mchangani hata moja.

ZAI: Ndiyo maana tunawaomba wenye nguvu msiondoke saa 4:40 filimbi ikilia. Hiyo saa ya mwisho ya kubeba kwenda barabarani ndiyo inayokosa watu kila mara. Panga siku yako hadi saa 5:30.

MUDI: Kuna vitu vya kutookota pia. Mwani hatuusombi, unashika mchanga na kuna viumbe wanakula humo. Magome ya konokono na chaza tunayaacha, mengine yana wenyewe ndani, yule kaa anayehamia. Na nyavu iliyojisokota kwenye mwamba usiivute. Kata kwa kisu kipande kinachotoka, kilichonasa kabisa kiache, maana ukivuta unang'oa na kilichoota juu yake.

ZAI: Kwa hiyo visu vinashikwa na nani?

MUDI: Viongozi wa makundi peke yao. Watoto wanakaribishwa, ila wanabaki kwenye mstari wa juu pamoja na mzazi, na mwambani hawashuki.

ZAI: Maji ya kunywa: lete chupa yako ya kujaza, lita moja na nusu kwa mtu mzima. Tutakuwa na madumu ya maji safi pale juu ya kujazia. Zile chupa ndogo za dukani usije nazo, asubuhi moja ya watu wengi inazaa lundo lingine. Kofia, nguo ya mikono mirefu, na kula kabla ya kutoka. Chapati na chai nyumbani, kwa sababu kabla ya saa 5 hakuna mapumziko ya kula.

MUDI: Ikinyesha?

ZAI: Manyunyu tunaendelea. Radi ikipiga tunatoka ufukweni wote, na uamuzi wa kuahirisha tutautuma saa 11:30 alfajiri kwenye kundi la simu. Usipoona ujumbe, kazi ipo.

MUDI: Mahali pa kukutania?

ZAI: Kando ya Barabara ya Toure, utaona bendera ya njano na meza ya kuandikisha. Ukifika andika jina, namba ya ndugu wa kupigiwa, na kama una mzio wowote. Ukiondoka, piga alama mbele ya jina lako. Usiondoke kimya, maana jina lisilo na alama tunalitafuta mwambani, na maji yanarudi.

MUDI: Mimi nitakuwepo saa 12 na nusu, nikiweka vigingi pale mstari wa maji ulipofikia. Atakayewahi aje anisaidie.

ZAI: Haya, kagueni salfeti, tegeni saa. Usiku mwema.

MUDI: Usiku mwema, tuonane saa 1.