Kukadiria dakika za kituo hadi kituo msituni

Karibuni. Leo tunachukua kipande kimoja tu cha mbio za ramani na dira: kutoka kituo cha 3 hadi cha 4 utatumia dakika ngapi?

Tandaza ramani hivi. Skeli ni 1:10,000, kwa hiyo sentimita 1 ni mita 100. Rula inasoma sentimita 6, yaani mita 600. Barabarani nakimbia kilomita kwa dakika 5, na hapo ndipo wengi wanapopiga hesabu ya dakika 3 na kuondoka. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi: dakika 3 zinaisha, sioni kituo, naamini nimekipita, nageuka kukitafuta. Kumbe nilikuwa ndiyo kwanza nimefika nusu ya njia.

Sasa angalia rangi chini ya rula. Nyeupe ni msitu unaokimbilika, mita 400. Kijani hafifu ni vichaka vinavyokupunguza kasi, mita 200. Kijani kilichokoza usikipigie hesabu, kizunguke.

Kila rangi ina mwendo wake, na mwendo huo unaupima mazoezini. Mimi nilichagua alama mbili za ramani zilizoachana mita 400, nikakimbia kati yake mara 3, nikisoma ramani na dira kama siku ya mashindano. Nyeupe nilipata dakika 8 kwa kilomita, kijani hafifu dakika 12. Zako zitakuwa nyingine, na zitaongezeka mvua ikinyesha.

Tuhesabu. Mita 400 za nyeupe ni dakika 3 na sekunde 12. Mita 200 za vichaka ni dakika 2 na sekunde 24. Kisha hesabu kontua unazopanda: hapa ni 4, kila moja mita 5, jumla mita 20. Kila mita ya kupanda naihesabu kama mita 10 za tambarare, kwa hiyo naongeza mita 200 kwa mwendo wa barabarani, dakika 1. Jumla ni dakika 6 na sekunde 36.

Sasa linganisha na njia ya pili: barabara hii kwenye ramani inazunguka kilima bila kupanda. Ina kona, basi ipime kwa uzi: mita 800, dakika 4. Kutoka njia panda, unapoiacha barabara, hadi kituo cha 4 ni mita 150 za nyeupe, dakika 1 na sekunde 12. Jumla ni dakika 5 na sekunde 12. Ni ndefu zaidi, lakini mimi napita huku.

Bonyeza saa unapoondoka kituo cha 3, na uibonyeze tena njia panda. Dakika 2 zikipita tangu hapo na hujakiona kituo, usizungukezunguke vichakani. Rudi njia panda, elekeza dira upya, uanze tena.