"She ate much": neno moja lililonipa kazi zamu nzima

Sasa watu wangu wa Kondele, wa Kibuye, na nyinyi wa Nakuru mnaolalamika kwamba Kisumu kuna joto kupita kiasi, hamjambo? Huku Uingereza mvua imenyesha tangu alfajiri, kwa hivyo leo sitawatembeza popote. Niko jikoni na chai yangu, na nataka niwaelezee kosa langu la wiki za kwanza kazini.

Mnajua nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Kila zamu ikiisha tunaandika kwenye daftari kila mzee amekula nini, amelala vipi, kama ameoga. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa amekataa chakula siku mbili. Asubuhi hiyo akaamka vizuri, akamaliza uji na mkate wote. Nikafurahi, nikaandika: "She ate much at breakfast." Nikaenda zangu.

Mchana nakuta bibi amewekwa kwenye orodha ya wanaochunguzwa chakula. Muuguzi ananiuliza kwa upole, "Uliruka neno 'not' hapa, sivyo?" Alisoma sentensi yangu, akaona kuna kitu kimepungua, akajijazia mwenyewe: "She did not eat much." Mimi nimeandika bibi ameshiba, yeye ameelewa bibi ana njaa.

Sasa tukumbuke darasani. Mwalimu alitupa kanuni moja: "many" ni ya vitu vinavyohesabika, "much" ni ya visivyohesabika. Vitabu, "many". Maji, "much". Tukajaza mapengo, tukapata alama. Kanuni hiyo si ya uongo, ila ni nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba "much", katika mazungumzo ya kawaida, inapenda sentensi kanushi na maswali. "I don't have much money" ni sawa kabisa. "Do you have much luggage?" ni sawa. Lakini geuza iwe yakinishi, "I have much money", na Mwingereza anakunja uso kidogo. Yeye angesema "I have a lot of money".

Kwa nini sisi tunanaswa hapa? Kwa sababu Kiswahili hakijali. Nina kazi nyingi, sina kazi nyingi: "-ingi" imekaa palepale, umekanusha au hukukanusha. Tunaibeba hivyo hivyo. Tena tuna mtego wa pili, maji kwetu ni "mengi" na nywele ni "nyingi", zinaonekana kama wingi, ndipo mtu anaandika "many hair". Kwa Kiingereza nywele za kichwa kizima hazihesabiki.

Wanaisimu wana alama mbili wanazoweka mbele ya sentensi wakiipima. Nyota ni kwamba hii haikubaliki kabisa. Alama ya kuuliza ni kwamba inaeleweka, ila mzawa hangeisema hivyo. Mimi sasa napima kila ninachoandika kwa alama hizo. "I have many work", nyota. "I have much work", alama ya kuuliza. "I have a lot of work", haina alama, ipite.

Mdogo wangu yuko Manyatta, anaandika barua ya kuomba kazi, akanitumia WhatsApp niisome. Tuipime pamoja. Sentensi ya kwanza: "I have much experience with old people." Alama ya kuuliza. Nikamwambia aweke "a lot of experience". Ya pili: "I have received many advices from my sister." Nyota, tena mbili, kwa sababu "advice" haihesabiki na haina "s". Tukaweka "a lot of advice". Ya tatu: "Many young people in Kisumu are looking for work." Hapo akaogopa, akataka kuifuta "many". Nikamwambia aache! "Many" haina ugonjwa wa "much". Kwenye sentensi yakinishi inakaa vizuri, hasa ikiwa mwanzoni, ila inasikika rasmi kidogo, na barua ni mahali pa urasmi. Ya nne: "There is a lot of jobs in care." Hapa kitenzi kinafuata nomino iliyo nyuma ya "a lot of", si neno "lot". Jobs ni nyingi, kwa hivyo "there are". Ingekuwa maji, ingekuwa "there is a lot of water". Kwa mdomo utawasikia hata wazawa wakisema "there's a lot of jobs", lakini kwenye barua usijaribu.

Halafu akanipiga swali ambalo nilijua litakuja: "Dada, kama 'much' haitaki yakinishi, mbona wanasema 'Thank you very much'?" Kijana ana akili. Jibu ni kwamba "much" ikisindikizwa na neno lingine inapata ujasiri. "Too much salt", "so much noise", "as much as you want", zote ni yakinishi na zote ni safi. "Very" inaisindikiza pia, lakini inapoeleza kitendo tu: "I like omena very much" ni sawa, "I like omena much" ni nyota. Ukijaribu "very much" mbele ya nomino, "I have very much work", bado inakwaruza. Na "much" inakaa bila shida mbele ya ulinganisho: "much better", "much hotter", kama Kisumu na Nakuru.

Kuna na ukanushi uliojificha. "We finished without much trouble" haina "not", lakini ina "without", yaani bila, na bila ni kukana. "I doubt she has much time" nayo inapita, kwa sababu kutilia shaka ni karibu na kukana. Ukisoma gazeti utakutana na "Much has been said" au "Much of the road is flooded". Hiyo ni lugha ya maandishi rasmi, ni sahihi. Usiipeleke sokoni.

Moja la mwisho, kwa sababu linaleta ugomvi. "Not many people came" na "Many people didn't come" si kitu kimoja. Chukua harambee ya watu 200 walioalikwa. Waliokuja ni 120, wasiokuja ni 80. "Many people didn't come" ni kweli, watu 80 ni wengi. "Not many people came" ni uongo, kwa maana waliokuja ni 120 na viti vilijaa. Hata kwetu ipo: "watu wengi hawakuja" si sawa na "si watu wengi waliokuja". Mwenye harambee akisikia ya pili, atakununia mpaka Krismasi.

Kuhusu yule bibi, nilichukua kalamu, nikakata "much", nikaandika juu yake "a lot", nikatia sahihi yangu pembeni. Muuguzi akamtoa kwenye ile orodha jioni. Na mdogo wangu amenitumia barua mpya, sentensi ya mwisho inasema "Thank you much." Ngoja nimpigie simu.