Tangazo la dera: Kiswahili, Kiingereza au cha mtaani? Tupime

Mambo vipi wadau, leo tunapima tangazo la madera, haya haya ninayouzaga hapa Kariakoo. Picha mnajua kupiga, naruka.

Andika matangazo matatu. La kwanza Kiswahili cha kawaida: "Dera la pamba, halichuji. Elfu 25. Tunakuletea ulipo Dar, unalipa ukishaliona." La pili cha mtaani: "Dera kali, halichuji mwanangu! Elfu 25 tu, boda anakuletea, ukilielewa ndo unatoa mpunga." La tatu maneno yaleyale kwa Kiingereza, liko hapo kwenye skrini. Picha moja, bei moja, ahadi moja, maana ukimpa mmoja dera jekundu na mwingine la bluu utakuwa unapima rangi.

Sasa fungua Ads Manager ya Facebook, chagua A/B test. Usiyarundike matatu kwenye Ad set moja, mtandao utaanza kumwaga hela kwa linalobonyezwa mapema na mengine yatakufa njaa. Yaende siku moja, hela sawa, siku saba. Usirushe moja leo na lingine mshahara ukitoka.

Subirini boda apite... haya.

Sehemu ya lugha ACHA WAZI. Usichague Kiswahili! Ile inaangalia zaidi lugha ya simu na akaunti, na nusu ya mashangazi zangu Mbagala simu zao zina menyu ya Kiingereza na wanaongea Kiswahili kutwa. Ukichagua unawafungia nje. Narudia, acha wazi.

Watu wanakuja Watsapu, si ndio? Basi kila tangazo lipe meseji yake ya kuanzia, ile mteja anaikuta imeshaandikwa. Moja "Habari, nataka dera", lingine "Mambo, dera bado lipo?" Hapo unajua nani katokea wapi. Zikifanana huwezi kuwatenganisha tena, kwa hiyo jitumie kila moja kwanza uone inavyoingia. Jamani jitumieni kwanza.

Mwangaza unagoma, nasogea dirishani.

Tuseme kila tangazo limekula elfu 30. La mtaani limeleta meseji 40, walionunua 6, kila mnunuzi kakugharimu 5,000. La Kiswahili meseji 22, wanunuzi 10, sawa na 3,000. Kiingereza meseji 5, mnunuzi 1. Wengi watashangilia zile 40, ila soma chati zenyewe: "hahaha mpunga", "we muuzaji fala", wanacheka wanasepa. Mama wa miaka arobaini akiona mpunga anahisi tapeli. Mimi binafsi nakipenda cha mtaani, kwa kofia za vijana ningeanza nacho.

Ila 10 kwa 6 bado ni karibu. Zima Kiingereza, rudia hayo mawili wiki nyingine, yakipishana vilevile ndo uongeze hela kwenye Kiswahili. Madera yapo, linki iko chini, saizi kubwa zimebaki chache.