Usiulize Usichokuwa Tayari Kukifanyia Kazi

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nitazungumzia dodoso la wafanyakazi, lile linalotolewa kila mwaka kupima ari ya kazi, na nitalianzia mkiani: siku ambayo matokeo yako mezani na wakuu wanatazamana. Wana karatasi inayosema kwamba swali la mawasiliano limepata wastani wa 2.8 kati ya 5. Afanye nini mtu na 2.8? Hakuna anayejua, kwa hiyo inaundwa kamati, kamati inapendekeza semina, na mwaka unaofuata wafanyakazi wanajaza dodoso lilelile huku wakiguna.

Kosa hapo lilifanyika siku swali lilipoandikwa. Swali lenyewe lilikuwa hivi: "Uongozi unatusikiliza na kutupa taarifa kwa wakati. Unakubali kwa kiasi gani?" Kwanza, hayo ni maswali mawili ndani ya moja. Mtu anayesikilizwa vizuri ila taarifa zinamfikia zimechelewa ataweka alama wapi? Ataweka katikati, na ile 3 yake utaisoma kama mtu asiye na la kusema, kumbe anayo mawili. Pili, "uongozi" ni nani? Msimamizi wa zamu, au mkurugenzi ambaye hajawahi kumwona? Tatu, sentensi yenyewe imeshajisifu kabla ya kuulizwa. Watu wengi wakipewa kauli waikubali au waikatae huelekea kuikubali, hasa anayeuliza akiwa ndiye mwajiri.

Ipo kazi ndogo ninayowapa wanaoandaa madodoso. Pembeni ya kila swali, kabla halijatoka, andika: jibu likiwa baya, nani atafanya nini, na ana mamlaka ya kulifanya? Pakibaki patupu, swali lifutwe. Swali la mishahara ndilo linaloleta ubishi. Kama anayeandaa hana sauti kwenye mishahara, na wenye sauti hawajakubali kutoa jibu lolote, hata jibu la "hapana, kwa sababu hizi", basi kuliuliza ni kumtonesha mtu kidonda.

Sasa tuchukue kitengo cha mfano, huduma kwa wateja, watu 24 wanaofanya kazi kwa zamu. Manung'uniko ya chinichini ni ratiba kubadilishwa ghafla. Badala ya kuuliza kama wanaridhika na mawasiliano, tunauliza: "Katika wiki nne zilizopita, zamu yako ilibadilishwa mara ngapi ukiwa umepewa taarifa chini ya siku mbili kabla?" Majibu ya kuchagua: hata mara moja, mara 1, mara 2 au 3, zaidi ya mara 3. Hapa hatumwulizi mtu anavyojisikia, tunamwuliza kilichomtokea, tena ndani ya muda anaoweza kuukumbuka. Hisia nazo zina nafasi yake, lakini ziulizwe baada ya tukio: "Mabadiliko hayo yalikuathiri kiasi gani nje ya kazi?"

Tuseme wamejibu 19, na kati yao 11 wamesema mara 2 au zaidi. Toa idadi hizo zilivyo. Wastani ungezificha: watu kumi wenye 3 na watu kumi waliogawanyika nusu 1 nusu 5 wana wastani uleule, ilhali ni vitengo viwili tofauti kabisa. Na katika kikundi kidogo asilimia hudanganya. Kwa waliojibu 19, mtu mmoja akibadilisha jibu, asilimia inaruka kwa zaidi ya 5. Usije ukampongeza meneja kwa sababu mtu mmoja aliamka vizuri.

Usiri wa majibu ndio unaoharibika kimyakimya, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Taasisi nyingi zina kanuni ya kutotoa matokeo ya kikundi chenye majibu chini ya 5. Ni kanuni nzuri, lakini haitoshi. Kitengo chetu kina watu 21 wa mchana na 3 wa usiku. Ripoti inatoa matokeo ya kitengo kizima, yaani 19 waliojibu na 11 wenye malalamiko. Inatoa pia ya mchana: 16 waliojibu, 8 wenye malalamiko. Ya usiku imeyaficha kwa sababu ni wachache. Msimamizi wa usiku anatoa 16 kwenye 19, anatoa 8 kwenye 11, na anajua kwamba watu wake wote watatu wamelalamika. Dawa yake ni kutoa matokeo ya kitengo kizima tu, au kuunganisha usiku na kikundi kingine ili hesabu ya kutoa isimwumbue mtu.

Maoni ya kuandika ni hatari zaidi. Mtu hujulikana kwa msemo wake, kwa makosa yake ya tahajia, kwa kisa ambacho kilimpata yeye peke yake. Yasipelekwe kwa msimamizi yalivyo. Asiye kwenye safu ya uongozi wa kitengo hicho ayasome na kuyafupisha. Halafu kuna ile barua pepe ya ukumbusho: "Tumeona bado hujajaza dodoso letu la siri." Aliyeipokea hataamini tena neno siri. Ukumbusho utumwe kwa wote. Na kama mtambo unatunza nani alijibu nini, sema wazi ni nani anayeweza kuona, usiahidi kwamba hakuna ajuaye.

Baada ya kufunga dodoso, matokeo yawafikie watu ndani ya wiki mbili au tatu, hata kama mpango haujakamilika. Ukikaa nayo miezi mitatu, watu wataamini yanapikwa. Kwenye kitengo chetu tangazo linaweza kuwa fupi hivi: "Kati ya 19 mliojibu, 11 mmebadilishiwa zamu kwa ghafla mara 2 au zaidi. Kuanzia tarehe 1 ratiba itabandikwa siku 7 kabla. Mabadiliko ndani ya siku 2 yatahitaji saini ya mkuu wa kitengo, na idadi yake itabandikwa kila mwisho wa mwezi. Mliomba pia kuchagua wenyewe zamu za wikiendi. Hilo halitafanyika mwaka huu, kwa sababu Jumapili tuna watu wanne tu wenye idhini ya kurejesha fedha za wateja." Angalieni hilo la mwisho. Watu huvumilia "hapana" yenye sababu kuliko ukimya, na likitajwa kando ya jambo lililokubaliwa, wanaona kwamba karatasi zao zilisomwa hadi chini.

Miezi mitatu baadaye uliza swali lilelile, neno kwa neno. Ukibadilisha hata "wiki nne" kuwa "mwezi huu", umepoteza kipimo. Kisha linganisha na daftari la zamu. Kama malalamiko yameshuka na saini za dharura nazo zimeshuka, ratiba imetengemaa kweli. Kama malalamiko yameshuka lakini daftari linaonyesha mabadiliko yaleyale, huenda kuna mtu amewatisha watu. Na waliojibu wakishuka kutoka 19 hadi 9, usihangaike na kampeni ya kuwabembeleza wajaze. Rudi kwenye tangazo lako la kwanza, uangalie ni ahadi gani haikutimizwa.