Gunia Likae Ghalani Hadi Lini? Hesabu ya Stakabadhi ya Ghala

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nataka tufanye hesabu moja tu, ila tuifanye yote. Wengi wenu mmeshaambiwa kwamba ukipeleka mahindi ghalani utapewa stakabadhi, stakabadhi utaipeleka benki ukopeshwe, kisha bei ikipanda utauza. Ni kweli. Lakini nimekutana na wakulima waliofanya hivyo wakatoka na fedha pungufu kuliko jirani aliyeuza shambani siku ya kuvuna. Hawakuibiwa. Hakuna aliyewaonyesha hesabu kabla hawajapakia magunia.

Tuanzie mlangoni mwa ghala, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo. Mkulima wetu ana magunia 40 ya kilo 100, yaani kilo 4,000. Mpokeaji anachoma gunia kwa bambo, anatoa sampuli na kuiweka kwenye kipima unyevu. Kinasoma asilimia 16. Ghala linapokea mahindi ya asilimia 13 hadi 13 na nusu, kwa kuwa zaidi ya hapo lundo hupata joto, huota ukungu, na ukungu mwingine huacha sumukuvu. Kwa hiyo mahindi yanakaushwa hadi 13. Katika kilo 4,000 zenye unyevu wa asilimia 16, kilo 3,360 ni mahindi makavu kabisa na zilizobaki ni maji. Yakishafika asilimia 13, uzito wote unakuwa kilo 3,862. Kilo 138 zimekwenda hewani. Kisha yanapepetwa, na tuseme zinatoka kilo 62 za vumbi, vipande vya magunzi na chenga. Stakabadhi inaandikwa kilo 3,800.

Mkulima aliyeleta magunia 40 anashika karatasi ya magunia 38, na hapo ndipo neno "wizi" husikika. Njia ya kujua kama umepunjwa ni kuanika vizuri nyumbani, kupima unyevu kabla ya safari ikiwa kikundi chenu kina kipimo, na kusimama kwenye mizani wakati wa kupokelewa. Usiondoke hadi umesoma kwenye stakabadhi uzito, daraja, unyevu, tarehe na namba ya stakabadhi yenyewe. Jambo jingine la kuelewa ni kwamba hutarudishiwa magunia yako yaleyale. Utarudishiwa, au mnunuzi wako atapewa, uzito uleule wa daraja lilelile. Ndiyo maana daraja linabishaniwa siku ya kuingiza. Siku ya kutoa huwa umechelewa.

Sasa twende benki. Tuchukue bei ya wakati wa mavuno kuwa 100 kwa gunia, kwa fedha yoyote mnayoitumia. Magunia 38 yana thamani ya 3,800. Benki haikopeshi thamani yote. Tuseme inatoa asilimia 60, yaani 2,280. Ile sehemu isiyokopeshwa ni kinga yao bei ikishuka. Stakabadhi inabaki rehani, na ghala linaandikiwa lisitoe hata gunia moja bila idhini ya benki. Mkulima analipa madeni ya msimu na ada za watoto kwa hiyo 2,280, na mahindi bado ni yake.

Gharama ni hizi. Kukausha, kupepeta na kupakua kunalipwa mara moja: tuseme 2 kwa kila gunia lililoingia, jumla 80. Hifadhi pamoja na bima ni 1 kwa gunia kwa mwezi. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Akikaa miezi 5, hifadhi ni 190, riba ni 228. Ukijumlisha na zile 80 unapata 498.

Angeuza shambani siku ya mavuno, kwa mnunuzi asiyepima unyevu, angepata 4,000. Ili aifikie hiyo 4,000 baada ya kulipa 498, magunia yake 38 lazima yauzwe 118 na kidogo kila moja. Kwa maneno mengine, bei ikipanda kwa asilimia 18 mkulima wetu amerudi pale alipoanzia. Ikifika 140 anauza kwa 5,320, anaondoa gharama, anabaki na 4,822. Amepata 822 zaidi, na hiyo ni fedha ya maana. Lakini anayetazama bei peke yake angedhani amepata 1,600. Na ikiishia 110? Anabaki na 3,682, yaani amepoteza 318.

Naomba mnisikilize kwa makini hapa, kwa sababu hili ndilo nililokuja kulisema. Mahindi yakishaingia, zile 80 za mlangoni na zile kilo zilizopungua hazirudi, uuze kesho au mwakani. Kwa hiyo zisikuamulie siku ya kuuza. Kinachoendelea kukutoka ni hifadhi na riba: katika mfano wetu 38 na 46 kwa mwezi, karibu 84, sawa na 2 na ushei kwa kila gunia. Kila mwisho wa mwezi swali ni moja: je, mwezi ujao bei itapanda kwa zaidi ya 2 na ushei? Ukiona haitapanda, uza, hata kama hujafika ile 118. Nimewaona watu wakingoja "bei irudi angalau niliyoitaka", na kila mwezi wa kungoja ukala kile kilichobaki.

Bei hupanda baada ya mavuno kwa sababu kila mtu huuza wakati mmoja akiwa na madeni, kisha akiba hupungua. Lakini kupanda huko kunaweza kukatika ghafla: mazao ya nje yakiruhusiwa kuingia, mipaka ikifungwa kwa wauzaji, akiba ya serikali ikitolewa sokoni, au mavuno yajayo yakionekana kuwa mazuri. Bei ikishuka sana, benki inaweza kukutaka upunguze mkopo au uuze mara moja. Ulizia sharti hilo kabla ya kutia sahihi.

Na ghala lenyewe? Karatasi ina thamani ya kile kilichomo ndani tu. Mwaka 1963 huko Bayonne, New Jersey, Marekani, mfanyabiashara Anthony De Angelis alikopa kwa stakabadhi za mafuta ya kupikia yaliyodaiwa kujaa matangini. Matangi mengi yalikuwa na maji, na mafuta yakielea juu, basi mkaguzi aliyechota juu aliona mafuta. Kwa mahindi, hila kama hiyo ni rundo lenye magunia mazuri pembeni na uwazi au pumba katikati. Kwa hiyo uliza kama mwendesha ghala ana leseni na bima, na kama kuna mkaguzi asiye wake anayehesabu marundo. Tazama kwa macho yako: magunia yako juu ya chaga, yameachana na ukuta, mtu anaweza kupita kulizunguka rundo. Ukiona unga chini ya magunia, dumuzi au fukusi wameshaanza kazi.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama ni lazima apeleke yote. Si lazima. Mwenye 40 anaweza kuuza 15 shambani kwa mahitaji ya haraka, akaweka 25 ghalani na kukopa kidogo au asikope kabisa. Asipokopa, riba inaondoka, na katika mfano wetu gharama ya kila mwezi inashuka kutoka 2 na ushei hadi 1 kwa gunia. Hapo anaweza kungoja muda mrefu zaidi kuliko jirani yake mwenye mkopo, hata kama wote wawili wameweka mahindi katika ghala moja.