Nyonga pana, mabega membamba: tunaanzia juu

Haya jamani, karibuni tena kibandani kwangu hapa Ngamiani. Ukisikia cherehani nyuma yangu ni jirani, ana oda ya sare za harusi, hatuwezi kumnyamazisha.

Leo tunamvisha wifi yangu, huyu hapa amesimama. Umbo lake ni la peasi. Yale mapeasi yanayoshuka kutoka Lushoto mnayajua: juu membamba, chini yamejaa. Nimempima hivi: mabega kutoka ncha hadi ncha inchi 14½, kifua 35, kiuno 29, nyonga 42. Kati ya kifua na nyonga kuna inchi 7, na hizo ndizo watu wanazoziona akipita. Nyonga hatuzifichi. Tunachotaka ni jicho la mtu lianzie begani, halafu lishuke lenyewe.

Kitambaa cha juu ni kitenge chenye maua makubwa. Suruali ni krepe nyeusi ya kuteleza. Msibadilishe mkaweka kitenge chini, nitawaambia kwa nini tukifika huko.

Tunaanza na bega, na hapa ndipo mafundi wengi wanakosea, kwa sababu wanaanza na shingo. Pedi ikiingia inanyanyua bega, na bega likinyanyuka shingo inavutika. Ukishakata shingo mapema umechelewa.

Angalia chaki yangu. Bega lake ni 14½, mimi nakata 15½, yaani nusu inchi kila upande. Usiongeze zaidi ya hapo. Ukifika inchi nzima kila upande, mshono unateremka kwenye mkono, bega linaonekana limelegea, na tumefanya kinyume cha tulichotaka.

Sasa pedi. Chukua nyembamba, unene wa robo inchi. Zile nene za makoti ya zamani ziacheni, na joto hili la Tanga sponji nene ni adhabu. Ukingo wa pedi usiishie kwenye mshono, utokeze nusu inchi kuingia upande wa mkono, ndiyo unaoushikilia mkono usidondoke. Ishikize kwa pini kwanza, mvalishe, msogeze mbali hatua 3. Ukiona mikunjo inatoka shingoni inashuka kwa mshazari kuelekea kwapani, bega bado linahitaji kushikiliwa, pedi ni nyembamba mno au imekaa ndani mno. Ukiona nguo inavutwa juu shingoni, kama inataka kumkaba, pedi ni nene. Wifi, geuka kidogo. Eeh, hapo imetulia.

Mkono nimeukata wa puto, lakini puto dogo. Nimeongeza inchi 3 juu ya mkono, na hizo 3 zote nazikusanya kileleni, inchi 2 mbele ya mshono wa bega na inchi 2 nyuma yake, basi. Ukiyatandaza makunyanzi mpaka karibu na kwapa, kinachovimba ni mkono wenyewe, si bega. Ndani ya kilele nimeshonea kipande cha neti, kwa sababu kitenge kikishafuliwa mara mbili tatu wanga unatoka na puto linalala.

Bega likishakaa, ndiyo tunachora shingo. Nataka shingo ya boti, iliyo pana kuelekea mabegani, maana jicho linafuata ule mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Upana wake hausomwi kwenye chati. Mwambie mteja aje na sidiria atakayoivaa kweli, weka chaki ukingo wa ndani wa mkanda wake, kisha rudi nusu inchi kuelekea shingoni. Kwa wifi imeangukia inchi 4½ kutoka katikati. Kina cha mbele inchi 3.

Kabla ya kubandika gamu, piga mshono mmoja wa kuzuia kuzunguka shingo yote. Mstari wa duara unavutika hata ukiushika tu, na shingo ikivutika robo inchi utaiona imeachama. Yangu hii imeachama kidogo, nitaionyesha nisiwafiche. Akiinama, mbele inafunguka. Dawa yake si kupunguza kifuani: naifumua mishono ya mabega, naingiza robo inchi upande wa shingoni tu, halafu napoteza taratibu mpaka sifuri kwenye ncha ya bega. Inama tena, wifi. Imelala.

Kuna jambo dada zangu wa ushungi mtaniuliza, na mna haki. Ukishusha mtandio mpaka kifuani, shingo ya boti haina kazi, umelipia kitu kisichoonekana. Kwako fedha yote ipeleke kwenye bega na puto la mkono, na mtandio uwe wa rangi inayong'aa kuliko suruali. Huo mtandio ndio shingo yako.

Pindo la blauzi liishie juu kidogo ya mfupa wa nyonga, au lichomekwe ndani. Lisiishie pale nyonga zilipo pana kabisa, kwa sababu pindo ni mstari, na mstari unapima.

Twende suruali. Hii nimeinunua imeshonwa tayari, kwa sababu najua wengi wenu mnachagua mitumba. Chagua inayokaa nyongani, kiuno usikiangalie kwanza. Inayomkaa wifi vizuri kwenye nyonga ina kiuno 33. Yeye ana 29, na tunamwachia inchi 1 ya kupumua, kwa hiyo kuna inchi 3 za kuondoa. Msizibane zote pembeni: mshono wa pembeni utapinda kama beseni na nyonga zitaongezeka machoni. Naondoa 1½ kwenye mshono wa katikati nyuma, na 1½ iliyobaki naigawa kwenye dati 2 za nyuma, robo tatu kila moja. Katikati usizidishe 1½, mifuko ya nyuma itaanza kusogeleana kama macho yenye makengeza.

Mifuko ya pembeni hii ya mshazari huwa inaachama kwa mwenye nyonga. Nimekata mifuko yenyewe ndani na kuifunga midomo. Pesa atatia kwenye pochi.

Sasa mguu. Weka rula pale nyonga zilipo pana zaidi, na kwa umbo hili mara nyingi ni chini kuliko mnavyodhani, karibu na paja. Kutoka hapo mshono wa nje ushuke wima mpaka chini. Mzunguko wa chini wa mguu huu ni inchi 20. Ukiubana chini ukawa 12, unachora karoti, na kichwa cha karoti ni nyonga. Ukifanya bwanga la inchi 30, chini panashindana na bega tulilolihangaikia. Na hapa ndipo kitenge kinapokataa: ni kigumu, hakianguki, kinasimama kando ya mguu kama hema. Krepe inaning'inia kwa uzito wake.

Urefu tunaupima na viatu vyake miguuni, si pekupeku. Pindo liguse juu ya kiatu mbele, nyuma lishuke nusu inchi.

Wifi, toka mpaka mlangoni kwenye mwanga, halafu uje kama unaingia ukumbini. Wewe unayeshika simu, mchukue mzima, usimsogelee… Mmeona macho ya jirani yametua wapi? Kwenye mikono. Haya, vua nikupige pindo, kesho asubuhi una harusi Makorora.